Kipimo cha Ujazo na Maana Zake Mbili katika Majedwali ya Hashi

Ndugu wanafunzi wa miundo ya data,

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu majedwali ya hashi kabla ya mtihani wenu. Badala ya kupitia sura nzima ya kitabu, nimeamua kukaa na swali moja ambalo watahini hulipenda na ambalo majibu yake mengi huwa nusu sahihi: kwa nini kipimo cha ujazo chenye thamani ileile, tuseme 0.9, si tatizo kubwa katika jedwali linalotumia minyororo, lakini ni dalili ya hatari katika jedwali linalotumia anwani wazi? Mkilijibu swali hili kwa hoja, sehemu kubwa ya ulinganisho wa njia hizi mbili mtakuwa mmeshaijibu.

Nianze na istilahi tutakazozitumia. Jedwali la hashi ni safu yenye vyumba m, iliyohifadhi funguo n. Kanuni ya hashi, tunayoiandika h(k), huupokea ufunguo k na kutoa namba ya chumba kati ya 0 na m − 1. Kipimo cha ujazo, α, ni n ikigawanywa kwa m. Mgongano hutokea pale funguo mbili tofauti zinapopewa chumba kimoja, na mgongano hausubiri jedwali lijae. Jedwali lenye vyumba 365 likipewa funguo 23 tu kwa bahati nasibu, uwezekano wa kupata angalau mgongano mmoja tayari umevuka nusu, ingawa α ni takriban 0.06. Kwa hiyo anayeandika katika mtihani kwamba kanuni nzuri ya hashi huondoa migongano amekosea. Kanuni nzuri huisambaza migongano, na kazi ya kuishughulikia hubaki kwa muundo wa jedwali.

Njia zote mbili za kuishughulikia ni za miaka ya 1950. Hans Peter Luhn wa IBM aliielezea hashi yenye minyororo katika waraka wa ndani wa Januari 1953. Mwaka 1954, Gene Amdahl, Elaine McGraw na Arthur Samuel, nao wakiwa IBM, walitumia anwani wazi katika kuandaa programu ya kompyuta ya IBM 701. Katika njia ya Luhn, kila chumba cha safu hushika mwanzo wa mnyororo, na funguo zote zilizoangukia chumba hicho huungwa mmoja baada ya mwingine. Katika njia ya pili hakuna mnyororo wowote: kila ufunguo hukaa ndani ya safu yenyewe, na unapokuta chumba chake kimekaliwa, hutafuta kingine kwa utaratibu uliowekwa. Utaratibu rahisi zaidi ni kusogea hatua moja moja hadi kipatikane chumba kitupu, na ukifika mwisho wa safu unarudi chumba namba 0.

Sasa tufanye mfano kwa ukamilifu, kwa sababu hapa ndipo maana mbili za α zinapoonekana. Tuchukue m = 11, h(k) = k mod 11, na tuingize funguo saba kwa mpangilio huu: 27, 16, 40, 38, 6, 29, 51. Vyumba vyao vya asili ni 5, 5, 7, 5, 6, 7 na 7. Mwishoni α itakuwa 7/11, yaani takriban 0.64.

Kwa minyororo, kazi ni fupi. Chumba cha 5 kinashika 27, 16 na 38. Chumba cha 6 kinashika 6 peke yake. Chumba cha 7 kinashika 40, 29 na 51. Tukichukulia kwamba ufunguo mpya huwekwa mwishoni mwa mnyororo, na tukihesabu ulinganisho unaohitajika kuutafuta kila ufunguo mara moja, tunapata 1 + 2 + 3 kwa chumba cha 5, kisha 1 kwa chumba cha 6, kisha 1 + 2 + 3 kwa chumba cha 7. Jumla ni 13.

Kwa anwani wazi, fuateni hatua kwa hatua. Ufunguo 27 unaingia chumba cha 5 bila tatizo. Ufunguo 16 unakuta 5 kimekaliwa, unaingia 6. Ufunguo 40 unaingia 7. Ufunguo 38 unaanza na 5, unapita 6 na 7, unatulia 8, baada ya kukagua vyumba vinne. Ufunguo 6 unaanza na 6, unapita 7 na 8, unatulia 9. Ufunguo 29 unaanza na 7 na kuishia 10. Ufunguo 51 unaanza na 7, unapita 8, 9 na 10, unarudi mwanzo wa safu na kutulia chumba namba 0. Vyumba vilivyokaguliwa ni 1 + 2 + 1 + 4 + 4 + 4 + 5, jumla 21.

Tofauti ya 13 na 21 inajulikana na wengi, lakini ninawaomba mwangalie zaidi ufunguo 6. Katika funguo zote saba, hakuna mwingine ambao chumba chake cha asili ni cha 6. Kwa maana kamili ya neno, ufunguo huu haukugongana na yeyote. Katika minyororo uligharimu ulinganisho mmoja tu. Katika anwani wazi umegharimu vyumba vinne, kama abiria mwenye tiketi halali anayekuta kiti chake kimekaliwa na mtu aliyehamishwa kutoka kiti cha jirani. Ufunguo 16 ulifukuzwa kutoka chumba cha 5 ukakalia cha 6, na kuanzia hapo gharama ya mgongano wa chumba cha 5 ilianza kulipwa na wasiohusika.

Hiki ndicho kiini cha jambo. Katika minyororo, mgongano hubaki ndani ya chumba ulipotokea, na α ni urefu wa wastani wa mnyororo. Inaweza kuwa 0.5, inaweza kuwa 1, inaweza kuwa 3, na kila ikipanda gharama hupanda kwa kiasi kilekile. Katika anwani wazi, α ni sehemu ya safu iliyokwisha kukaliwa, haiwezi kuvuka 1 hata kidogo, na inavyoikaribia 1 gharama hupanda kwa kasi inayoongezeka. Kwa kusogea hatua moja moja kuna sababu ya ziada: vyumba vilivyokaliwa mfululizo hujenga fungu, na fungu likishakuwa kubwa, ufunguo wowote unaoangukia popote ndani yake hulirefusha kwa chumba kimoja. Katika mfano wetu fungu lilianza chumba cha 5 likaishia chumba namba 0, na kabla ya kuingiza 51, funguo mpya zenye chumba cha asili kati ya 5 na 10 zote zingeishia chumba kilekile.

Donald Knuth aliichambua hali hii mwaka 1963, na fomula zake ndizo mnazopaswa kuzikumbuka. Kwa kusogea hatua moja moja, katika jedwali kubwa lenye kanuni ya hashi inayosambaza vizuri, wastani wa vyumba vinavyokaguliwa ni:

```
ufunguo upo:    ½ · (1 + 1/(1 − α))
ufunguo haupo:  ½ · (1 + 1/(1 − α)²)
```

α ikiwa 0.5, tunapata 1.5 kwa ufunguo uliopo na 2.5 kwa usiokuwepo. Ikiwa 0.75, tunapata 2.5 na 8.5. Ikiwa 0.9, tunapata 5.5 na 50.5. Kwa minyororo, utafutaji wa ufunguo uliopo hugharimu takriban 1 + α/2, na wa ufunguo usiokuwepo hupitia kwa wastani vipande α vya mnyororo. Kwa hiyo α ikiwa 0.9 gharama ni 1.45 na 0.9. Linganisheni 50.5 na 0.9, mtaelewa kwa nini namba moja haiwezi kusomwa kwa namna moja katika majedwali mawili. Angalieni pia kwamba hasara kubwa iko katika kutafuta kisichokuwepo. Swali la mtihani likisema tu "gharama ya kutafuta", andikeni hali zote mbili, kwa kuwa mtu anayejibu moja pekee huenda amechagua ile ambayo mtahini hakuikusudia.

Tahadhari moja ndogo: msijaribu kuthibitisha fomula hizi kwa jedwali la vyumba 11. Wastani wetu kwa ufunguo uliopo ulikuwa 21/7, yaani 3, wakati fomula inatoa takriban 1.9. Fomula haijakosea. Ni kwamba nimezichagua funguo zinazobanana kwa makusudi, na fomula inazungumzia wastani wa jedwali kubwa.

Msongamano huu unaweza kupunguzwa kwa hashi mbili, ambapo kila ufunguo hupata urefu wa hatua yake. Tukitumia hatua ya 1 + (k mod 10) kwa funguo zetu zilezile, 16 unaruka kwenda chumba cha 1, 38 unaruka kwenda 3, ufunguo 6 unakipata chumba chake cha 6 mara ya kwanza, 29 unapitia 7, 6 na 5 kabla ya kutulia 4, na 51 unatulia 9. Jumla inashuka kutoka 21 hadi 13. Sharti ni kwamba urefu wa hatua usiwe na kigawe cha pamoja na m zaidi ya 1, la sivyo utafutaji utazunguka katika sehemu ya safu bila kuiona sehemu nyingine; m ikiwa namba tasa kama 11, sharti hilo hutimia lenyewe. Hata hivyo hashi mbili haziondoi ukuta ulio kwenye α = 1. Kutafuta kisichokuwepo hugharimu takriban 1/(1 − α), ambayo kwa 0.9 ni 10: nafuu kubwa kuliko 50.5, lakini bado ni mbali na minyororo.

Nitumie muda kidogo katika ufutaji, kwa sababu hapo ndipo alama hupotea zaidi. Katika minyororo, kufuta ni kukiondoa kipande na kuunganisha kilichotangulia na kinachofuata. Katika anwani wazi, turudi kwenye jedwali letu la kusogea hatua moja moja na tuufute ufunguo 40 kwa kukiacha chumba cha 7 kikiwa kitupu. Utafutaji hufuata programu hii:

```python
def tafuta(T, k):
    m = len(T)
    i = k % m
    for _ in range(m):
        if T[i] is None:
            return -1
        if T[i] == k:
            return i
        i = (i + 1) % m
    return -1
```

Tafuteni 38: programu inakagua 5, kisha 6, kisha 7, inakuta patupu na kujibu kwamba haupo, ilhali umekaa chumba cha 8. Ufunguo 6 nao unapotea, na 29, na 51. Tumefuta ufunguo mmoja, na kati ya sita zilizobaki, nne hazionekani tena. Kosa la aina hii haliisimamishi programu wala halitoi onyo lolote. Dalili yake ni data inayoripotiwa haipo, kisha inaonekana mara mbili baada ya mtumiaji kuiingiza upya.

Dawa ya kawaida ni kuweka alama ya kufutwa badala ya kukiacha chumba kitupu. Utafutaji hupita juu ya alama hiyo na kuendelea, na uingizaji huruhusiwa kukitumia chumba hicho tena. Lakini kuna mtego. Tuseme chumba cha 7 kina alama, na mtu anaomba kuingiza 29, ambao tayari uko chumba cha 10. Programu ikiandika 29 kwenye chumba cha 7 mara inapoiona alama, jedwali litakuwa na 29 mbili, na siku ule wa kwanza utakapofutwa, ule wa chumba cha 10 utajitokeza kana kwamba haukufutwa kamwe. Njia sahihi ni kukikumbuka chumba cha kwanza chenye alama, kuendelea kukagua hadi upatikane ufunguo wenyewe au chumba kitupu kabisa, na kuandika kwenye chumba kilichokumbukwa pale tu ufunguo usipopatikana.

Alama hizi pia huidanganya hesabu ya α. Chukueni jedwali la vyumba 1000 lenye funguo 300 na alama 500. Ukigawanya funguo kwa vyumba unapata 0.3, na fomula inakuahidi takriban ukaguzi 1.5 kwa ufunguo usiokuwepo. Lakini utafutaji hausimami kwenye alama, kwa hiyo jedwali hufanya kazi kama lililojaa kwa 0.8, na gharama huwa karibu 13. Ukikuta jedwali lenye funguo chache ambalo ni polepole hasa kwa kutafuta visivyokuwepo, hesabu alama kabla ya kuilaumu kanuni ya hashi. Alama zikiwa nyingi, jedwali hujengwa upya, hata kama ukubwa wake haubadiliki.

Kujenga upya ndiko kunakotumika pia α inapovuka mpaka uliowekwa. Hapa jambo la kukumbuka ni kwamba vyumba havinakiliwi jinsi vilivyo, kwa kuwa m ikibadilika, h(k) nayo hubadilika. Tukiongeza m kutoka 11 hadi 23, funguo zetu zinakwenda 27 chumba cha 4, 16 cha 16, 40 cha 17, 38 cha 15, 6 cha 6, na 51 cha 5. Ni 29 pekee unaokuta chumba cha 6 kimekaliwa na kusogea 7. Jumla ya vyumba vilivyokaguliwa ni 8, badala ya 21, na α sasa ni takriban 0.3. Uingizaji mmoja unaoleta upanuzi hugharimu O(n), lakini ukubwa ukiwa unazidishwa kwa mbili kila mara, jumla ya funguo zinazohamishwa katika uingizaji wa n haizidi 2n, ndiyo maana gharama ya wastani hubaki O(1). Anayeongeza vyumba 10 tu kila mara huipoteza sifa hiyo na kuishia na jumla ya O(n²).

Mpaka sasa huenda mnafikiri kwamba minyororo imeshinda. Ulinganisho wa haki, kwa maoni yangu, haufanywi kwa α inayolingana. Hufanywa kwa kumbukumbu inayolingana. Katika kompyuta ya biti 64, tuchukue ufunguo wa baiti 8 na thamani ya baiti 8. Kila kipande cha mnyororo kinahitaji pia kielekezi cha baiti 8, jumla 24, na kila chumba cha safu ni kielekezi kingine cha baiti 8. Kwa α = 1, minyororo inatumia baiti 32 kwa kila ufunguo, bila kuhesabu gharama za mgao wa kumbukumbu. Katika anwani wazi kila chumba ni baiti 16, na kwa α = 0.5 kila ufunguo unabeba vyumba viwili, yaani baiti 32 vilevile. Sasa gharama: minyororo inatoa 1.5 kwa ufunguo uliopo na 1 kwa usiokuwepo. Anwani wazi inatoa 1.5 na 2.5. Pengo lililokuwa la 50.5 dhidi ya 0.9 limebaki dogo.

Na pengo hilo dogo linaweza hata kugeuka, kwa sababu ukaguzi wa aina hizi mbili haulingani kwa muda. Kila kipande cha mnyororo kinaweza kuwa mahali popote katika kumbukumbu, na kukifuata kielekezi mara nyingi ni kusubiri data iletwe kutoka kumbukumbu kuu. Vyumba vya anwani wazi viko jirani. Prosesa nyingi za leo huleta data kwenye kache kwa mafungu ya baiti 64, hivyo vyumba vinne vya baiti 16 hufika pamoja, na ukaguzi wa pili na wa tatu mara nyingi huwa karibu bure. Hashi mbili, kwa kurukaruka, huipoteza faida hiyo kwa kiasi kikubwa.

Lugha zinazotumika zimechagua kwa namna tofauti, na mipaka yao inaeleweka kwa hoja hizi. `HashMap` ya Java hutumia minyororo, hupanua jedwali α inapovuka 0.75, na tangu Java 8 ya mwaka 2014 hugeuza mnyororo uliorefuka kuwa mti, pale unapofikia vipande 8 na jedwali lina angalau vyumba 64. `dict` ya Python hutumia anwani wazi na haisubiri 0.75; hupanua inapofikia theluthi mbili ya vyumba.

Mkiulizwa ipi ni bora, jibu lenye alama kamili hutaja masharti. Ufutaji ukiwa mwingi, au idadi ya funguo ikiwa haitabiriki na upanuzi wa ghafla haukubaliki, chagueni minyororo, kwa kuwa α ikivuka 1 jedwali huendelea kufanya kazi na gharama hupanda polepole. Funguo zikiwa ndogo, utafutaji ukiwa mwingi kuliko ufutaji, na α ikiwa inadhibitiwa isivuke takriban 0.7, chagueni anwani wazi. Katika hali zote mbili andikeni pia kwamba gharama mbaya kabisa ni O(n), kwa sababu funguo zote zikiangukia chumba kimoja, minyororo hubaki na mnyororo mmoja wenye urefu n, na anwani wazi hubaki na fungu moja lenye vyumba n.